Barua Mbili za Kazi: Namna Muuguzi Anavyoweza Kuipima Nafasi ya Kwenda Uingereza

Waheshimiwa viongozi wa chama, ndugu wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki,

Mliponialika nizungumze juu ya kazi za ng'ambo, mliniachia uwanja mpana kuliko muda wa asubuhi moja. Nimeamua kubaki Uingereza peke yake, kwa sababu ndiko nilikofanya kazi wodini miaka tisa kabla ya kurudi Mombasa, na kwa sababu masharti yake yameandikwa hadharani, kiasi kwamba mtu aliyeketi Kilifi au Tanga anaweza kuyasoma kwa simu yake kabla hajampa mtu shilingi. Nitawapitisha katika barua mbili alizopokea muuguzi mmoja wa pwani yetu, moja baada ya nyingine, katika muda usiofika mwaka. Ameniruhusu nieleze yaliyomfika mradi nisimtaje yeye, wala wakala, wala mwajiri.

Barua ya kwanza aliniletea Agosti 2025. Ilikuwa na kurasa mbili, nembo ya kampuni ya nyumba za kutunzia wazee, na sahihi ya wino wa bluu. Ilimpa kazi ya mhudumu mwandamizi wa matunzo, ikataja mshahara wa mwaka kwa pauni, na ikamtaka athibitishe kabla ya Ijumaa. Wakala aliyemkabidhi barua hiyo alitaka shilingi 480,000 za Kenya, na kati ya hizo 150,000 zilipwe mara moja ili nafasi isipewe mtu mwingine. Binti huyu alikuwa na stashahada ya uuguzi, leseni hai, na miaka minne katika wodi ya wanawake. Mkopo wa SACCO ulikuwa umeshaidhinishwa, na wadhamini wake walikuwa walimu wawili jirani zake.

Aliniambia, "Mama, wenzangu watatu wameshalipa. Mimi ndiye ninayechelewa."

Nikamwambia, "Mwanangu, kabla ya habari ya pesa, niambie hiyo kazi ina namba gani."

Hakuwa ameambiwa namba yoyote, na wengi wenu pengine pia hamjaambiwa, kwa hiyo nitasimama hapa kidogo. Mwajiri wa Uingereza anayetaka kumleta mfanyakazi kutoka nje hana budi kuwa na leseni ya udhamini kutoka serikalini. Akishakuwa nayo, humtolea kila mfanyakazi hati ya udhamini, ambayo ni rekodi ya kielektroniki yenye namba yake ya pekee, na ndani yake mna namba ya tarakimu nne inayotambulisha aina ya kazi. Kazi za wakunga na wauguzi waliosajiliwa ziko kati ya 2231 na 2237. Mhudumu wa matunzo ni 6135, na mhudumu mwandamizi ni 6136. Cheo kinaweza kupambwa kwa maneno mazuri kadiri mwandishi apendavyo, lakini afisa wa viza huangalia namba hiyo. Muuguzi akiisoma, atajua kama ameitwa kama muuguzi au kama kitu kingine.

Sasa, tarehe 22 Julai 2025 serikali ya Uingereza ilifunga mlango wa 6135 na 6136 kwa waombaji wapya walio nje ya nchi hiyo. Waliokuwa tayari ndani waliachiwa kipindi cha mpito, lakini mtu aliye Malindi au Dar es Salaam hawezi tena kuomba viza mpya kwa kazi hizo. Kwa hiyo barua aliyonionyesha binti yule, iliyoandikwa wiki tatu baada ya mlango kufungwa, haikuweza kumfikisha popote hata kama kampuni ilikuwa ya kweli na sahihi ilikuwa ya kweli. Hatukuhitaji kumchunguza wakala wala kupiga simu London. Tarehe ya barua na cheo cha kazi vilitosha.

Nakiri kwamba hata kabla ya tarehe hiyo nilikuwa nikiwazuia wauguzi wasipite njia hiyo. Muuguzi aliyeingia Uingereza kama mhudumu wa matunzo hakufanya kazi ya uuguzi, na saa zake za kuosha na kulisha wazee, ambazo ni kazi ya heshima, hazikumsogeza karibu na usajili. Viza yake ilifungwa kwa mwajiri mmoja, na sekta hiyo ilikuwa na waajiri wengi waliochukua wafanyakazi kuliko kazi walizokuwa nazo. Serikali ya Uingereza yenyewe ilitangaza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni za udhamini za waajiri zaidi ya 470 wa sekta ya matunzo. Mwajiri akifutiwa leseni, mfanyakazi huandikiwa kwamba viza yake itakatizwa, na kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Nimewapokea nyumbani kwangu wawili walio katika siku hizo 60, na mmoja wao bado alikuwa akilipa deni la nauli huku Kisumu.

Orodha ya waajiri wenye leseni ni wazi kwa kila mtu. Iko katika tovuti ya gov.uk kwa jina la `Register of licensed sponsors: workers`, na husasishwa karibu kila siku ya kazi. Jina la mwajiri lisipokuwamo, hakuna udhamini. Jina likiwamo, jueni tu kwamba mwajiri huyo yupo na ana leseni, kwa maana matapeli hupenda kutumia majina ya hospitali halisi. Hapo angalieni anwani ya barua pepe. Barua za hospitali za umma Uingereza kwa kawaida hutoka katika anwani zinazoishia na `nhs.uk` au `nhs.net`, na nambari ya simu ya idara ya wafanyakazi hutafutwa katika tovuti ya hospitali yenyewe, wala haichukuliwi katika barua inayotiliwa shaka.

Nije kwenye zile shilingi 480,000. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inayohusu mawakala wa ajira inawakataza kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi, na mwongozo wa nchi hiyo wa kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje unarudia jambo hilo waziwazi. Wakala hulipwa na mwajiri. Wakala aliye hapa kwetu hafikiwi kwa urahisi na sheria ya kule, ni kweli, lakini mwajiri anayepokea watu kupitia kwake anatakiwa kujua namna walivyopatikana. Swali la kuuliza basi ni kila shilingi inakwenda kwa nani. Safari ya muuguzi kwenda Uingereza ina gharama halali, na kila moja ina mahali pake pa kulipiwa, kwa jina la mwombaji mwenyewe, na risiti humjia yeye katika barua pepe yake.

Nilimwandikia binti yule gharama hizo nyuma ya bahasha. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, lijulikanalo kwa kifupi NMC, hutoza pauni 140 kupokea na kupima maombi ya aliyesomea nje. Mtihani wa kompyuta ni pauni 83. Mtihani wa vitendo, ambao wauguzi wote huuita OSCE, ni pauni 794, na kuandikwa katika rejista ni pauni 153. Jumla ni pauni 1,170, mbali na mtihani wa Kiingereza na viza. Lakini OSCE hufanyiwa Uingereza peke yake, na hospitali nyingi hulipa ada hiyo na ya usajili. Anachohitaji muuguzi kulipa kwa baraza na kwa kituo cha mtihani akiwa bado hapa ni pauni 223, takriban shilingi 40,000. Ada hubadilika, kwa hiyo mzitazame katika tovuti ya NMC siku mnayotaka kulipa. Lakini mtu anayetaka karibu nusu milioni kwa mkupuo, tena katika nambari yake ya M-Pesa, hawezi kuonyesha katika orodha hiyo pesa hizo zinaingia wapi.

Jambo la mwisho kuhusu barua ya kwanza linawahusu zaidi wenzetu waliotoka Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Mwaka 2010 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kuajiri wahudumu wa afya, na shirika hilo hutunza orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu. Uingereza imeigeuza orodha hiyo kuwa orodha nyekundu yake, na nchi hizo tano zimo. Maana yake ni kwamba mwajiri au wakala wa Uingereza hapaswi kwenda katika nchi hizo kutafuta watu, kufanya usaili wa makundi hotelini, wala kuwatuma wengine wamfanyie hivyo. Haina maana kwamba muuguzi wa Mwanza au Bukavu amekatazwa kuomba kazi. Akiona nafasi iliyotangazwa katika NHS Jobs, tovuti ya ajira za hospitali za umma, akaomba mwenyewe bila mtu wa kati, hajavunja chochote, na hospitali inaweza kumchukua. Kenya iko katika orodha ya rangi ya kaharabu, kwa sababu Julai 2021 serikali mbili zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya, na kuajiri hapa kunatakiwa kufuate makubaliano hayo.

Wako wanaoisoma orodha hiyo kama lawama juu ya muuguzi anayeondoka, na nimesikia akina dada wakiulizwa kanisani na msikitini kwa nini wanawaacha wagonjwa. Kanuni za mwaka 2010 hazisemi hivyo. Zinatambua haki ya mtu kuhama, na mzigo wa kutoibomoa huduma ya nchi maskini zinauweka juu ya serikali na waajiri. Kenya ina wauguzi wenye leseni wanaokaa nyumbani bila ajira, na makubaliano ya 2021 yaliwalenga hao. Mimi naona ni haki kabisa muuguzi asiyeajiriwa kwa miaka mitatu atafute kazi anakoitwa. Ninachomwomba aliye kazini ni kutoa notisi kamili, kwa maana wodi ya usiku yenye wauguzi wawili haiwezi kubaki na mmoja kwa sababu tiketi ilinunuliwa ghafla.

Binti yule hakulipa. Aliufuta mkopo kabla haujatolewa, akaanza njia ya mitihani, na hapa ndipo nataka kukaa kwa kirefu, kwa sababu wengi hudhani mtihani ni jambo la kushughulikia baada ya kupata kazi. Ukweli ni kinyume. Muuguzi aliyefaulu Kiingereza na mtihani wa kompyuta hahitaji wakala wa kumwombea nafasi, na mwajiri huona kwamba nusu ya safari imekwisha.

Kikwazo cha kwanza ni Kiingereza. Mwaka 2021 Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliotarajiwa kwenda Uingereza ni 10 tu waliofaulu mtihani huo. Watu walicheka na wengine wakakasirika, lakini aliyewahi kuufanya hashangai. NMC inakubali mitihani ya aina mbili. Katika IELTS ya kitaaluma unatakiwa kupata 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Katika OET, ambayo maswali yake ni ya hospitali, unatakiwa kupata B katika hayo matatu na C+ katika kuandika. Wauguzi wetu huzungumza Kiingereza kazini kila siku, lakini huandika maelezo mafupi ya kadi ya mgonjwa, na IELTS inadai insha yenye hoja, mifano na aya zilizopangwa ndani ya dakika 40. Binti yule alipata 7.5 katika kusikiliza, 7 katika kusoma, 7 katika kuzungumza, na 6 katika kuandika. Alikuwa tayari kuanza upya kwa huzuni, mpaka tuliposoma pamoja kwamba NMC inaruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi hakuna alama ya kuandika iliyo chini ya 6 wala ya sehemu nyingine iliyo chini ya 6.5. Alijifunza insha kwa miezi miwili, akarudia, akapata 6.5 katika kuandika na 6.5 katika kusoma. Alama za kila sehemu, ukichukua iliyo bora katika karatasi mbili, zilitimia. Wakala mmoja alikuwa amemwambia kwamba karatasi ya kwanza haifai kitu, na akajitolea kumpatia nyingine kwa bei.

Hapo pia niseme bila kuzunguka. Karatasi ya kununuliwa haifiki mbali, kwa sababu NMC huthibitisha matokeo kwa waliotoa mtihani, na huandikia Baraza la Wauguzi la Kenya, au la nchi yoyote uliyosajiliwa, kuthibitisha mafunzo na leseni yako, ofisi kwa ofisi. Hakuna nafasi ya mtu wa kati katika mawasiliano hayo. Mwaka 2023 NMC ilitangaza kwamba matokeo ya mtihani wa kompyuta kutoka kituo kimoja cha Ibadan, Nigeria, hayakuwa ya kawaida, kwa kuwa baadhi ya watahiniwa walimaliza kwa kasi isiyoelezeka. Mamia ya wauguzi waliokuwa wameshasajiliwa na wako kazini walitakiwa wafanye mtihani upya na kueleza walivyoupata wa kwanza. Baadhi yao hawakuwa na kosa lolote ila kufanya mtihani katika kituo hicho. Ndiyo maana nasisitiza kwamba uandikishe mtihani wako mwenyewe katika tovuti ya Pearson VUE, kampuni inayouendesha, uchague kituo mwenyewe, na usiende mahali ambapo mtu amekuambia kwamba huko ni rahisi.

Mtihani wa kompyuta wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza ina maswali 15 ya hesabu za dawa, na ya pili ina maswali 100 ya uuguzi. Hesabu si ngumu kwa anayetundika dripu kila siku. Mgonjwa anatakiwa kupata mililita 1,000 kwa saa 8, basi pampu huwekwa mililita 125 kwa saa. Wanaoanguka huanguka kwa sababu ya kugeuza vipimo, miligramu kuwa mikrogramu, huku saa ikienda. Maswali 100 nayo hupima zaidi mazoea ya kule kuliko ugonjwa. Mtu mzima mwenye akili timamu anayekataa dawa anaachwa aamue, hata kama familia inalia. Muuguzi aliyezoea kumshawishi mgonjwa kupitia kwa mwanawe mkubwa atachagua jibu lisilo sahihi huku akiwa na nia njema kabisa.

OSCE ina vituo 10, yaani kazi 10 zinazopimwa moja moja. Vinne ni vya mgonjwa mmoja unayempima, unayempangia huduma, unayemhudumia na unayemkabidhi kwa mwingine. Vinne ni vya ujuzi wa mikono, na viwili hufanywa kwa kuandika. Nimewaona wauguzi wa miaka 20 wakirudi wakilia, na sababu haikuwa uzembe. Sisi hufanya mambo kimya. Tunatazama kitambulisho cha mkononi, tunakumbuka mgonjwa ana mzio gani, tunampa dawa. Mtahini hawezi kuandika alama kwa kitu ambacho hakukisikia wala kukiona. Unatakiwa kumuuliza mgonjwa jina na tarehe ya kuzaliwa kwa sauti, kulinganisha na kitambulisho, kuuliza mzio kabla hujagusa kikombe cha dawa, na ukiruka hilo moja kituo chote kimeanguka. Ukikosa katika vituo 7 au pungufu unarudia vilivyokosekana kwa nusu ya ada. Nafasi ni tatu kwa ombi moja. Muuguzi aliyeajiriwa kabla ya usajili hutakiwa kufanya mtihani huo ndani ya miezi mitatu tangu tarehe ya kuanza kazi iliyo katika hati ya udhamini, na awe amesajiliwa ndani ya miezi minane. Wekeni muda huo akilini, kwa maana unarudi katika barua ya pili.

Barua ya pili ilikuja miezi minane baada ya ile ya kwanza. Ilitoka hospitali ya umma aliyoiomba mwenyewe, baada ya usaili wa video wa watu watatu. Cheo kilikuwa muuguzi anayesubiri usajili, akisajiliwa apandishwe daraja la 5, ambalo kwa mwaka wa 2025/26 lilianzia pauni 31,049. Hakuna aliyemdai shilingi. Akanijia akicheka, na ni kweli barua ilikuwa halali kila upande. Tulipofika kifungu cha 14 nilimwomba achukue penseli.

Kifungu hicho kilisema kwamba akiacha kazi ndani ya miezi 36, kwa sababu yoyote ile, atarudisha pauni 6,000, na zitakatwa katika mshahara wake wa mwisho. Vifungu vya kurudisha gharama si haramu kule, lakini mwongozo wa serikali unataka viwe wazi, vilingane na gharama halisi, vipungue kadiri mtu anavyokaa, na vimwangalie mtu kwa hali yake. Tuliomba mchanganuo, hospitali ikautuma bila kusita. Tiketi ilikuwa pauni 650, OSCE 794, na nyumba ya mwezi wa kwanza 556, jumla 2,000. Zilizobaki 4,000 zilikuwa ada ya wakala aliyelipwa na hospitali, pauni 1,000, na sehemu ya tozo ya ujuzi wa uhamiaji, pauni 3,000. Tozo hiyo ni kodi ya mwajiri, naye hakatazwi kuilalamikia serikali yake, lakini kanuni za udhamini zinamkataza kabisa kumbebesha mfanyakazi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 amekatazwa pia kumdai ada ya leseni ya udhamini na ada ya hati yenyewe. Ada ya wakala nayo ni gharama ya kuendesha hospitali. Thuluthi mbili za deni lile hazikuwa deni.

Kosa la pili lilikuwa kwamba pauni 6,000 zilibaki 6,000 kila siku mpaka mwezi wa 36. Aliyefanya kazi miezi 30 angelipa sawa na aliyekimbia mwezi wa kwanza. Kama deni lingepungua kwa kiasi sawa kila mwezi, mwezi wa 30 lingekuwa limebaki pauni 1,000. La tatu, nalo kwangu ndilo lililokuwa zito kuliko yote, ni yale maneno "kwa sababu yoyote ile". Muuguzi akikosa OSCE mara ya tatu, usajili haupatikani, viza inakatizwa, anaachishwa kazi, na siku hiyohiyo angedaiwa pauni 6,000. Akiugua mzazi akalazimika kurudi, vivyo hivyo. Mtu aliye katika hali hiyo hukubali zamu za ziada, hukubali kunyanyaswa, hukaa kimya akiona mgonjwa anatendewa vibaya, kwa sababu ameambiwa kwamba mwajiri atamrudisha kwao. Mwajiri hana uwezo wa kumfukuza mtu nchini. Anachofanya ni kutoa taarifa serikalini kwamba kazi imekwisha, na mfanyakazi huandikiwa muda wake wa kutafuta mdhamini mwingine. Muuguzi aliyesajiliwa, katika muda huo, ana soko. Asiyesajiliwa hana, na ndiye kifungu cha 14 kilichomlenga.

Aliandika barua pepe ya mistari tisa, kwa adabu, akiomba pauni 4,000 zitolewe, deni lipungue kila mwezi katika miezi 24, na lisidaiwe mtu anayeachishwa kwa kukosa mtihani, kwa ugonjwa au kwa msiba wa karibu. Alihofia kwamba wangemnyima kazi. Jibu lilichukua siku 11. Walikubali la kwanza na la pili, kwa hiyo akiondoka mwezi wa 18 atadaiwa pauni 500. La tatu walilikubali kwa mtihani na ugonjwa, wakalikataa kwa msiba, na walipoulizwa tena wakasema meneja ataamua kila kesi kivyake. Tulijadiliana jioni nzima. Akaona kwamba hatari iliyobaki ni ndogo na inapungua kila mwezi, akatia sahihi. Mkataba ulipelekwa Wizara ya Kazi ukathibitishwa, kama sheria ya Kenya inavyotaka kwa mkataba wa kazi ya nje. Kaka yake ana nakala kamili, na nyingine iko katika barua pepe ambayo yeye peke yake ana neno la siri lake.

Wenzake watatu waliolipa 150,000 kila mmoja hawajapata viza wala fedha. Mmoja ameandikisha taarifa polisi. Aliye na uamuzi kama wa binti yule aangalie pia jina la wakala katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na wa Tanzania bara aulize kwa TaESA, inayoshughulikia huduma za ajira.

Barua zote mbili ziko mezani karibu na mlango, majina yamefunikwa kwa wino mweusi. Katika ile ya pili alama za penseli ziko ukurasa wa sita, na mchanganuo wa hospitali umebanwa nyuma yake. Nitakaa pale mpaka adhuhuri, na aliye na barua yake mfukoni aje nayo tuisome.